Ripoti ya akaunti ya WhatsApp haiji, haifunguki au haieleweki: anzia hapa

WhatsApp ina sehemu inayokuwezesha kuomba ripoti ya taarifa za akaunti yako na mipangilio yake. Imekuwepo tangu mwaka 2018, kipindi Umoja wa Ulaya ulipoanza kutumia sheria yake ya ulinzi wa data, na inapatikana kwa watumiaji wa kwetu pia. Katika kuwasaidia ndugu, majirani na wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo nimekutana na malalamiko yale yale kuhusu ripoti hii, na mengi yanatokana na kutojua ni kitu gani hasa. Ripoti ni picha ya akaunti yako jinsi seva za WhatsApp, yaani kompyuta kuu za kampuni hiyo, zinavyoiona siku inapoandaliwa. Haikuhifadhii mazungumzo, wala haina kumbukumbu ya kila ulichofanya. Ukishika hilo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatambua mwenyewe.

Sioni mahali pa kuomba

Mara nyingi mtu anatafuta sehemu isiyo yake. Wengi huingia kwenye Privacy kwa sababu jambo lenyewe linahusu faragha, wengine huenda kwenye Help. Njia sahihi ni hii:

```
Settings > Account > Request account info > Request report
```

Kwenye Android, Settings unaipata kwa kugusa vidoti vitatu vya juu kulia. Kama simu yako umeiweka kwa Kiswahili, maneno yatakuwa ya Kiswahili lakini mpangilio ni huo huo.

Ukifika Account na bado huoni kitu, sasisha programu kutoka Play Store au App Store. Ukisasisha na bado haipo, jiulize programu hiyo uliitoa wapi. Kuna watu wanatumia WhatsApp za rangi rangi walizotumiwa na rafiki kama faili la APK, ambazo hazikutengenezwa na WhatsApp yenyewe. Hapo usihangaike na ripoti kwanza. Fanya bakapu ya mazungumzo kadiri programu hiyo inavyoruhusu, iondoe, kisha weka ile halali, kwa sababu programu ya namna hiyo inaweza kusoma kila kitu unachoandika na akaunti yako inaweza kufungiwa.

Nimeomba, siku zimepita, hakuna kilichokuja

Ukishagusa Request report, maandishi yanabadilika na kuonyesha kwamba ombi limetumwa, na chini yake pana tarehe ambayo ripoti inatarajiwa kuwa tayari. Kwa kawaida ni kama siku 3. Kwa hiyo kabla ya kulalamika rudi kwenye ukurasa ule ule usome tarehe. Usihesabu kwa kichwa. Mtu akiomba Ijumaa usiku, Jumatatu asubuhi anaona amechelewa kuhudumiwa, kumbe tarehe iliyoandikwa bado.

Sababu ya pili ni kwamba ripoti imeshafika ila arifa haikuonekana. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu zinazofanya kazi kwa siri ili kutunza chaji, na arifa hupotelea humo. Ripoti haiji kwa barua pepe, wala haiji kama meseji ya kawaida. Iko pale pale Request account info, inakungoja uipakue.

Sababu ya tatu ndiyo inayowaumiza watu, kwa sababu hawaihusishi kabisa na ombi lao. Ukifuta akaunti, ukibadilisha namba, ukihamia simu nyingine au ukijisajili upya hata kwenye simu hiyo hiyo, ombi lililokuwa likisubiri linafutika. Dada mmoja aliomba ripoti Jumatatu. Jumatano simu yake ikaanza kukwama, akaondoa WhatsApp na kuiweka upya, akaingiza namba na ile kodi ya tarakimu 6 ya kuthibitisha namba inayokuja kwa meseji, mazungumzo yakarudi kutoka kwenye bakapu, akaona kila kitu kiko sawa. Ijumaa akaja kuniuliza mbona ripoti haipo. Kwenye ukurasa wake palikuwa na Request report kama vile hajawahi kuomba. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia: ukikuta kitufe cha kuomba kimerudi, ombi la zamani halipo tena na huna cha kusubiri. Omba upya, halafu kwa siku hizo 3 usiiguse programu. Usiiondoe, usihamishe laini kwenda simu nyingine, na kama unataka kuiuza simu, subiri.

Kinyume chake pia watu huniuliza: nimeomba kwa bahati mbaya, nasitishaje? Ombi likishatumwa halina kitufe cha kulisitisha. Liache limalizike, ripoti ikija usiipakue.

Jambo moja la tahadhari hapa. Ukipokea meseji au simu ikisema "ripoti yako ya akaunti iko tayari, tutajie kodi uliyotumiwa," huyo ni tapeli anayejaribu kusajili namba yako kwenye simu yake. Kupata ripoti hakuhitaji kodi yoyote ya meseji.

Ilikuwepo, sasa haipo au inakataa kupakuliwa

Ripoti haikai kwenye seva milele. Ukurasa unaonyesha mwisho wa kuipakua, na tarehe hiyo ikipita inaondolewa, unaanza ombi jipya. Kama muda bado upo lakini upakuaji unakwama, angalia bando na nafasi kwenye simu. Faili lenyewe kwa kawaida ni dogo kuliko video fupi, hivyo likishindikana tatizo mara nyingi ni simu iliyojaa kabisa. Futa video chache, zima na kuwasha, jaribu tena.

Nimepakua, haifunguki

Hapa pana kipengele kinachowachanganya hata watu wazoefu. Ukigusa Download report, ripoti inaingia kwenye simu, lakini ndani ya WhatsApp huwezi kuisoma. Ni lazima uguse Export report, kisha uchague pa kuipeleka: kwenye barua pepe yako, kwenye hifadhi ya mtandaoni, au kwenye mafaili ya simu. Mtu akiishia kwenye kupakua anafungua kabrasha la Downloads, hakuti kitu, anadhani imepotea.

Kinachotoka ni faili la ZIP, yaani mfuko uliofungwa wenye mafaili ndani yake. Kwenye Android lifungue kwa programu ya mafaili kama Files by Google na uguse Extract. Kwenye iPhone chagua Save to Files, kisha liguse mara moja, kabrasha jipya litajitokeza pembeni. Ndani utakuta aina mbili za mafaili. Linaloishia na `.html` ndilo la kusoma: liguse, chagua kivinjari kama Chrome, litafunguka kama ukurasa wa tovuti hata bila intaneti. Linaloishia na `.json` lina taarifa hizo hizo zilizopangwa kwa ajili ya kusomwa na programu nyingine, na ukilifungua utaona mabano na alama za kufungua semi zisizoisha. Halijaharibika. Liache.

Kama ukurasa unafunguka lakini picha au sehemu fulani hazionekani, huenda umelifungua faili la HTML likiwa bado ndani ya ZIP. Toa mafaili yote kwanza, kisha fungua.

Naomba uwe mwangalifu sana na hatua hii kama huna kompyuta yako. Watu wengi hulipeleka faili steshenari ili lichapwe. Ndani yake kuna namba za watu wote ulionao kwenye simu, na hao hawakukuruhusu kuziacha kwenye kompyuta ya mtaani. Ukilazimika kuchapa, lipeleke kwenye flashi yako, chapa kurasa unazohitaji tu, usiingie barua pepe yako pale, na usiunganishe WhatsApp yako na kompyuta ile kwa sababu ya kurusha faili moja. Sababu utaiona chini.

Nimefungua, mazungumzo yangu hayamo

Hayamo na hayatakuwamo hata ukiomba mara kumi. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo unafunguka kwenye simu ya mtumaji na ya mpokeaji peke yake. Seva huupitisha ukiwa umefungwa, na ukishafika kwa mpokeaji seva haina haja nao tena. Usiofika hutunzwa ukiwa umefungwa kwa siku zisizozidi 30, kisha unafutwa. Ripoti inaandaliwa kutokana na kile kilichoko upande wa seva, kwa hiyo haiwezi kukupa kisichokuwepo.

Kama unachotaka ni mazungumzo, kila gumzo linatolewa peke yake kutoka kwenye simu:

```
fungua gumzo > vidoti vitatu > More > Export chat
```

Kwenye iPhone gusa jina la mtu juu ya gumzo, shuka chini mpaka Export Chat. Ukitoa pamoja na picha unapata ujumbe mchache kuliko ukitoa maandishi matupu, kwa hiyo gumzo refu la biashara litoe bila picha. Ukikuta simu inakataa kabisa, angalia kama gumzo hilo limewekewa Advanced chat privacy, mpangilio unaozuia kutoa gumzo nje, ambao hata mwenzako anaweza kuwa ameuwasha.

Wapo wanaoomba ripoti wakitarajia kurudishiwa majina ya watu baada ya simu kuibwa. Namba utaziona, lakini ni orodha ya namba tupu, majina uliyoyaandika hayapo. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ila utakuwa na kazi ya kukumbuka ipi ni ya shangazi na ipi ni ya fundi bomba.

Na kama mazungumzo unayoyatafuta ni ushahidi wa kesi, wa deni, wa vitisho au wa ndoa, simama hapa. Usiondoe programu, usijisajili upya, usimpe fundi simu "ayarudishe" mazungumzo. Peleka simu kwa wakili au polisi ikiwa kama ilivyo. Faili la Export chat ni maandishi ambayo mtu yeyote anaweza kuyahariri, na simu yenyewe ndiyo yenye uzito.

Ndani kuna vitu sivielewi, naogopa nimedukuliwa

Hili ndilo linaloleta watu wengi wakiwa na hofu ya kweli, kwa hiyo nitalieleza kwa utaratibu.

Mwanzoni mwa ripoti utakuta namba yako, jina unaloonyesha, picha ya wasifu na yale maneno ya About. Kuna tarehe ulizokubali masharti ya huduma. Kuna taarifa za kifaa: aina ya simu, mfumo wake, toleo la programu, mara ya mwisho kuonekana mtandaoni, na anwani ya IP uliyounganishwa nayo, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti. Baadaye zinafuata namba za watu wako, majina ya makundi, namba ulizozizuia, na mipangilio ya faragha, kwa mfano nani anaona last seen yako na nani anaona picha.

Hofu ya kwanza huletwa na saa. Angalia kama mwishoni mwa saa pameandikwa UTC au GMT, yaani saa ya kimataifa. Kama ndivyo, ongeza saa 3 kupata saa ya Afrika Mashariki. Ukiwa Kinshasa ongeza 1, Lubumbashi au Bujumbura ongeza 2, Muscat ongeza 4.

Hofu ya pili huletwa na anwani ya IP. Mtu anainakili, anaiweka kwenye tovuti ya kutafuta mahali, inamwambia Dar es Salaam wakati yeye yuko Mwanza na hajasafiri mwaka mzima. Kampuni za simu hupitisha wateja wengi kwenye anwani chache, na tovuti zile huonyesha mahali anwani ilipoandikishwa au intaneti inapotokea, siyo ulipokaa wewe. Anwani ya mji mwingine ndani ya nchi yako haithibitishi kitu. Ya nchi nyingine inastahili swali, lakini kwanza kumbuka kama unatumia VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine, maana VPN huonyesha nchi ya seva yake.

Hofu ya tatu ni jina la kifaa. Simu hujulikana kwa namba ya modeli ambayo haifanani na jina la kwenye boksi. Nenda kwenye mipangilio ya simu, About phone, ulinganishe Model number na kilichoandikwa kwenye ripoti kabla ya kusema "hii si simu yangu."

Kuna mama muuza vitenge aliyenijia akitetemeka. Wateja wake wawili walikuwa wamepokea ujumbe kutoka kwenye namba yake ukiomba pesa. Alikuwa ameshaomba ripoti, na ripoti ilisema mara ya mwisho kuonekana ilikuwa saa 19:12. Kwa hesabu yake hiyo ni saa moja na dakika kumi na mbili usiku, muda ambao alikuwa kwenye ibada na simu ikiwa nyumbani imezimwa. Akahitimisha kwamba kuna mtu ametengeneza laini ya pili ya namba yake. Tulisoma tena: pembeni ya saa paliandikwa UTC. Ukiongeza 3 ni 22:12, saa nne na dakika kumi na mbili usiku, alipokuwa nyumbani akifunga hesabu za siku. Modeli ya simu ilikuwa ile ile aliyoishika mkononi. Ripoti haikuwa imemwonyesha mwizi yeyote.

Lakini ujumbe wa kuomba pesa ulikuwa wa kweli. Tukafungua sehemu ambayo ningemwambia aianze kabla ya kuomba ripoti yoyote. Kwenye Android gusa vidoti vitatu vya juu kulia, kisha Linked devices. Kwenye iPhone njia ni hii:

```
Settings > Linked devices
```

Palikuwa na kompyuta moja imeunganishwa. Wiki mbili nyuma alipeleka risiti kuchapwa, kijana wa dukani akamwomba aiskani ile alama ya mraba ili faili lipite haraka, na hakuna aliyeiondoa. Kila aliyekaa kwenye kompyuta ile aliweza kuandika kwa jina lake. Tuliigusa tukachagua Log out, tukawasha Two-step verification yenye PIN ya tarakimu 6, akawapigia wateja wake kwa sauti yake mwenyewe. Ripoti inachukua siku 3, na Linked devices inachukua sekunde kumi. Ukihisi mtu yumo kwenye akaunti yako, usiisubiri ripoti.

Sasa, yapo mambo ambayo ripoti ikikuonyesha unapaswa kuacha kujichunguza na kutafuta msaada. Kama modeli ya kifaa hailingani kabisa na simu yako na hujawahi kuwa nayo, au WhatsApp imekutoa yenyewe ikidai namba imesajiliwa kwingine, jisajili upya mara moja kwa namba yako. Kodi ikikufikia, aliyeingia anatolewa. Ukiombwa PIN usiyoijua, aliyeingia ameiweka yeye. Itakubidi usubiri siku 7, lakini kwa kuingiza kodi ya meseji tayari umemtoa. Kodi isipofika na laini haina mtandao, hilo limetoka mikononi mwa WhatsApp: huenda namba yako imehamishiwa kwenye laini ya mtu mwingine. Nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wako siku hiyo hiyo, zuia kwanza akaunti ya pesa, ndipo uzungumzie laini. Kwa Tanzania piga `*106#` uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na namba za matapeli zinaripotiwa kwenda 15040. Pesa ikiwa imeshatoka, nenda polisi upate namba ya jalada.

Nimefuta ripoti, je akaunti imefutika?

Hapana. Delete report inaondoa nakala ya ripoti kwenye programu tu. Akaunti, mazungumzo na taarifa zilizoko kwenye seva zinabaki vile vile. Na nakala uliyoitoa nje kwa Export haiguswi, inabaki kwenye barua pepe au kwenye mafaili mpaka uifute mwenyewe. Ukishamaliza kusoma, futa zote mbili, pamoja na ZIP na kabrasha lililotoka ndani yake.

Ninachokitaka hakimo kwenye ripoti

Hakikisha kwanza hujaomba ripoti isiyohusu unachokitafuta. Shughuli zako kwenye chaneli zina ripoti yake, Channels activity, kwenye ukurasa ule ule, tofauti na ile ya taarifa za akaunti. Facebook na Instagram nazo zina njia zao, hazichanganyiki humu.

Kama bado unaamini kampuni yoyote ina taarifa zako na imekataa kukuonyesha, sheria inakupa pa kwenda. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Kamishna wa Ulinzi wa Data. Andika ombi lako kwa kampuni kwanza, kwa maandishi, taja namba yako na taarifa hasa unayoitaka, tunza nakala na tarehe. Malalamiko yasiyo na ombi la maandishi nyuma yake yanaweza kurudishwa mwanzo.